Kifungu 448: Je, mke bado anahitaji saini ya mume ili akope?

Mwanamke mwenye duka la vitenge Butembo anaomba mkopo wa dola 500. Mkopeshaji anamwambia: leta saini ya bwana yako kwanza. Bwana yuko Kasindi kwa biashara, na kwa simu anakataa. Sheria inasema nini?

Kabla ya 2016 jibu lilikuwa rahisi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi ambayo angeifanya yeye mwenyewe. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha maneno hayo: sasa mume na mke wanapaswa kusikilizana, na wakishindwa kabisa, aliyeumizwa anapeleka shauri kwenye tribinali ya amani.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wapo wanaosoma neno «kusikilizana» kama ruhusa ile ile iliyovaa nguo mpya. Wanategemea pia kifungu 444, kinachomwacha mume kuwa mkuu wa nyumba.

Kwa maoni yetu, usomaji huo haushiki. Weka maandishi mawili kando kwa kando. Mwaka 1987 aliyefungwa alikuwa mke tu. Sasa wajibu unawahusu wote wawili. Kama bunge lingetaka kuacha ruhusa, lingeacha neno lake. Na kifungu 444 chenyewe kiliguswa mwaka ule ule: agizo kwamba mke amtii mumewe liliondolewa, likawekwa la kushirikiana kwa faida ya nyumba. Ukuu uliobaki hauwezi kurudisha kwa dirisha kile kilichofukuzwa mlangoni.

Nia ya mabadiliko inaelekeza huko huko. Yalifanywa ili kulinganisha sheria na Katiba ya 2006, ambayo kifungu chake 14 kinaagiza serikali kuondoa kila ubaguzi dhidi ya wanawake.

Kwa hiyo mkopeshaji anayedai saini kwa wake peke yao, wakati waume wanakopa bila kuulizwa lolote, anatumia sheria ya 1987. Akitaka kuwa sawa, awaulize wote au asiulize yeyote.

Lakini kuna mpaka. Mama yetu akiweka parseli ya familia kuwa dhamana, mambo yanageuka. Kifungu 499 kinadai wote wawili wakubaliane, hata kama walichagua kutenganisha mali zao. Mume naye hawezi kuiweka rehani peke yake. Kwa dhamana ya vitenge vilivyo dukani, parseli haimo.

Mume wa Kasindi akiendelea kukataa, mke anaweza kwenda tribinali ya amani. Wanawake wa soko watauliza kwa haki: kesi itachukua siku ngapi, wakati bei ya vitenge inapanda kila wiki?