Njaa Ikibisha Hodi, Mshairi Amwambie Nani?

Leo tunarudi Ukambani, na si kwa ajili ya maembe ya Makueni wala asali ya Kitui. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu huko Kitui ameniletea swali ambalo, naamini, linawasumbua wengi. Anasema katika mtihani wa ushairi kila anapoona mshairi ameandika "ewe njaa" au "ewe mauti" yeye hujibu kuwa hiyo ni tashihisi, na mwalimu wake humpa nusu ya alama. Nusu nyingine imekwenda wapi?

Imekwenda kwa jirani yake tashihisi, aitwaye ritifaa. Wawili hawa hutembea pamoja mara nyingi hata watu hudhani ni mtu mmoja. Tashihisi, ambayo wengine huiita uhuishi, ni kukipa kisicho binadamu tabia za binadamu: njaa ikabisha hodi, mto ukakasirika, haki ikalala usingizi. Ritifaa ni jambo jingine. Ni mshairi kuwapa kisogo wanaomsikiliza na kusema na yule asiyekuwepo, au kile kisichoweza kumjibu, kana kwamba kiko mbele yake. Wagiriki wa kale waliipa mbinu hii jina lenye maana ya kugeuka, kwa sababu msemaji barazani aliwageuzia mgongo mahakimu akasema na mtu mwingine, huku mahakimu wakisikia kila neno. Hapo ndipo penye ujanja wote. (Na ukijiuliza, ndiyo, kile kialama kinachokaa katika neno ng'ombe nacho huitwa ritifaa. Wasichanganye watahini!)

Sasa tuone jinsi lugha yetu inavyoifanya kazi hii. Nimetunga ubeti mmoja kwa ajili ya ukurasa huu. Ni tarbia ya kawaida, mizani nane kwa nane. Uhesabu kwa vidole ukipenda:

Njaa imepiga hodi, haikungojea jibu
Imekaa kwa kusudi, kwenye kigoda cha babu
Macho kama ya hasidi, tena haina aibu
Yadai tena zaidi, mbegu imeshahesabu

Hapo pana tashihisi tupu. Njaa imebisha, imeketi, ina macho ya kijicho. Haikuketi popote tu, imeketi kwenye kigoda cha mzee wa nyumba, ambacho mtoto mwenye adabu hakikalii. Na mkulima wa Ukambani akifika mshororo wa mwisho moyo utamshtuka. Mvua anayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mbegu aliyoitunza kungojea mvua hiyo ikishaanza kuhesabiwa kwa ajili ya chungu, basi hata msimu ujao umeshaliwa. Lakini angalia: mshairi anaisimulia njaa. Anazungumza na sisi, habari za njaa.

Sasa badili kiambishi kimoja tu. Badala ya "imepiga" useme "amepiga". Njaa amepiga hodi. Mizani haikupungua wala kuongezeka, ila njaa imeruka kutoka ngeli ya vitu ikaingia ngeli ya watu. Hii ni tashihisi iliyozama hadi kwenye sarufi, na lugha nyingi kubwa haziwezi kuifanya kwa silabi moja namna hii. Tahadhari yangu ni kwamba wanyama tayari wako ngeli hiyo katika Kiswahili, kwa hiyo "sungura amesema" ni tashihisi kwa sababu ya kusema, si kwa sababu ya "a".

Halafu badili mara ya tatu:

Njaa umepiga hodi, hukungoja hata jibu
Umekaa kwa kusudi, kwenye kigoda cha babu
Macho kama ya hasidi, wala hujui aibu
Wadai tena zaidi, mbegu umeshahesabu

Umeona? I, a, u. Maneno ni karibu yale yale, ila "haikungojea" lilibidi lifupishwe kuwa "hukungoja", na neno "hata" likaingia kuziba pengo la mizani. Lakini chumba kizima kimebadilika. Mshairi ametuacha sisi mlangoni, akaingia ndani kuikabili njaa uso kwa uso. Sisi sasa ni watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Ubeti huu una tashihisi na ritifaa pamoja, na mwanafunzi wetu wa Kitui akizitaja zote mbili, akaonyesha "Njaa umepiga hodi" kuwa ushahidi wake, alama zake atazipata zote.

Lakini zaweza pia kutengana. Shaaban Robert alitunga shairi la kumlilia mkewe, Amina, baada ya kufiwa naye, na humo anasema na Amina mwenyewe. Hapo hakuna haja ya tashihisi, maana Amina ni mtu. Kinachokosekana ni uhai wake, na hicho ndicho ritifaa inachojifanya haikijui. Vivyo hivyo binti wa Wote anayetunga shairi kwa baba yake aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, miaka minne bila habari: "Baba, mbuzi wako amezaa pacha." Kama baba ana simu na atajibu jioni, hiyo ni barua yenye vina. Ikiwa hakuna anayejua aliko, hiyo ni ritifaa, na anayeisikia kweli ni mama aliyeketi kando akichambua pojo. Binti hakuweza kumwambia mama, "Nimechoka kumngoja." Amemwambia baba, mama akasikia.

Nilitaka kukupeleka Kitui na Makueni kwa sababu nyingine pia. Wakamba huita njaa ya ukame "yua", na hawaiachi bila jina. Kila yua kubwa hupewa jina lake kama mtoto anavyopewa. Na kinyume chake ni kweli: mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua, na Wambua ni wa wakati wa mvua. (Usiandike kwenye mtihani kwamba jina Wayua ni tashihisi. Huyo ni mtu aliyepewa jina la wakati, si wakati uliopewa utu.)

Ile yua ya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, wakati reli ilipokuwa ikipita nchi ya Kibwezi na Makindu kuelekea Nairobi ilikofika mwaka 1899, inakumbukwa kwa jina la Ngomanisye, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni ile iliyoenea kila mahali. Jina hilo linaitaja njaa kwa tendo lake, kama mtu anavyotajwa kwa alilolifanya. Mshairi anayetaka kusema "ewe" hapati shida hapo. Anaye wa kumwita, na ana jina la kumwitia.

Jina linalonivutia zaidi ni la juzi, la ukame wa miaka ya 1980: Nikw'a ngwete. Maana yake ni "nakufa nikiwa nazo mkononi". Pesa, ndizo zilizomo mkononi. Mtu ana noti zake, anafika sokoni, na hakuna chakula cha kununua. Sasa tulitazame jina hilo kwa jicho la mshairi. Halisemi njaa ilifanya nini. Wala halisemi na njaa. Linasema kwa nafsi ya kwanza, "mimi nakufa". Kila anayelitamka leo, awe mwalimu darasani au mzee kivulini, anamwazima mdomo wake mtu aliyekufa wakati huo. Ni ritifaa iliyogeuzwa nje ndani: badala ya aliye hai kumwita asiyekuwepo, asiyekuwepo ndiye anayesema kupitia aliye hai.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya mbinu za lugha huliruka, nami sitaki ulikose. Ukimpa Njaa macho, miguu na kijicho, umempata pia mshitakiwa. Amevunja mlango yeye, amekula mbegu yeye. Basi hakuna mwingine wa kuulizwa. Lakini jina la Nikw'a ngwete linakataa mpango huo. Mwenye pesa anayekufa sokoni hakuuawa na mawingu peke yake. Mahindi yangeweza kuwapo mahali pengine na yasifike kwake. Barabara, malori, maghala, bei, na watu waliokaa ofisini wakiamua, wote wamo ndani ya maneno hayo mawili. Shairi linaloilaani Njaa kwa beti kumi na mbili laweza kuliza hadhira nzima, na wakati huo huo likawaficha wote hao nyuma ya kigoda cha babu.

Ndiyo maana mtunzi hodari huchunga sana anasema na nani, tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa ninaloliona zaidi katika mashairi ya vijana ni kuteleza: ubeti wa kwanza "ewe njaa umekuja", wa pili "njaa imetumaliza", wa tatu "ewe mvua rudi", na msomaji hajui tena ageukie wapi. Kugeuka si kosa, mradi kuwe na sababu. Anayeghani jukwaani katika Tamasha za Muziki hulijua hili kwa mwili wake. Akisema na njaa, macho yake huchagua sehemu moja juu ya vichwa vya watu na hukaa hapo. Akiyarudisha kwa hadhira kabla ya wakati, njaa imeshatoweka ukumbini.

Ila wakati ukifika, ayarudishe. Ubeti wangu ungeendelea, baada ya kuikaripia njaa vya kutosha, ungegeuka hivi:

Njaa kaa, nimekoma, nageukia wenzangu
Lori nani kalizima, lisifike soko langu?

Katika mshororo wa kwanza njaa bado inaambiwa. Katika wa pili imeachwa pale pale kigodani, haina tena la kuulizwa. Wanaoulizwa sasa wamo ukumbini, na hao wanaweza kujibu.