Safari moja, makato matatu: Kisa cha kadi na teksi ya simu

KWA wakazi wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, safari ya bodaboda huisha pale abiria anapomkabidhi dereva nauli. Msafiri wa huko anayefika Dar es Salaam na kuita teksi kwa simu, kisha akalipa kwa kadi, hukutana na utaratibu mwingine kabisa.

Tuchukue mfano. Abiria ameshuka usiku katika stendi ya Magufuli, Mbezi. Anaita gari, dereva anakubali na kuanza kumfuata, lakini dakika chache baadaye abiria anaghairi. Analiita la pili, linamfikisha Kariakoo kwa Sh15,000. Asubuhi anampa dereva bakshishi ya Sh2,000 kupitia simu. Taarifa ya benki inaonyesha jina la kampuni mara tatu: Sh3,000, Sh15,000 na Sh2,000. Anadhani ameibiwa.

Hakuibiwa. Ada ya kughairi ni ya ombi la kwanza, ambalo katika mfumo ni safari inayojitegemea hata kama gari halikufika. Bakshishi nayo imekuja baada ya hesabu ya nauli kufungwa, na kiasi kilichokwishafungwa hakiongezwi. Hufunguliwa malipo mapya. Aidha, kampuni hukata kamisheni kwenye nauli, ilhali bakshishi kwa kawaida humwendea dereva yote. Kamisheni si jambo dogo: Aprili 2022, Uber ilisimamisha huduma nchini ikipinga kanuni za LATRA, ambazo ziliweka ukomo wa asilimia 15.

Lenye kuumiza zaidi ni kato la nne, ambalo kwa hakika si kato. Gari linapoitwa, benki inaweza kuombwa kuzuia kiasi cha nauli iliyokadiriwa, tuseme Sh13,000. Nauli halisi ikiwa Sh15,000, baadhi ya mifumo hutoza kiasi kipya na kuliachia lile zuio baadaye. Kwa siku kadhaa, basi, akaunti hupungukiwa Sh28,000. Mwenye kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti anaweza kukosa nauli ya basi la kurudi Kasulu, ingawa fedha ni zake.

Kutofautisha si kazi ngumu. Zuio huandikwa kuwa malipo yanayosubiri, na hutoweka lenyewe. Kato halisi hubaki, nalo lina risiti yake katika historia ya safari kwenye simu, yenye tarehe na saa. Likibaki bila risiti, au ada ya kughairi ikatozwa ilhali dereva ndiye aliyekataa kuja, malalamiko yaanzie kwa kampuni, kupitia safari hiyohiyo. Anayekimbilia benki kwanza na kudai wizi huenda akafungiwa kadi akiwa bado ugenini.