Kabla Hujabonyeza Accept, Isome kwa Kiswahili

Kuna uongo tunaoambiana sisi vijana wa mjini: ati Mkenya hana shida na Kiingereza. Tumefundishwa kwa Kiingereza, tumefanya mitihani kwa Kiingereza, hata kutongoza tunatongoza kwa Kiingereza. Kwa hivyo ofa ya kazi ya mtandaoni ikiingia kwa simu saa nne usiku, hatuisomi. Tunaitazama tu. Jicho linatafuta namba, linaona dola 300, na kidole kinabonyeza Accept.

Najua utaniambia Kiingereza si lugha ya kigeni hapa, Katiba ya 2010 inakiita lugha rasmi. Sawa. Lakini Kiingereza cha skrini ya malipo si kile cha insha ya darasa la nane. Ni lugha ya mawakili iliyokatwakatwa mpaka ikatosha kwenye kitufe. Na maneno yake magumu si tatizo, maana neno gumu utalitafuta. Kinachotumaliza ni maneno mepesi, yale tunayodhani tumeshayajua.

Tuchukue mfano. Mteja yuko ng'ambo, kazi ni kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, na mnapatana kwa Upwork, bei moja kwa kazi yote: dola 300. Ameigawa kwa awamu tatu, ndizo zinazoitwa Milestones: 60, 120 na 120. Ukifungua ukurasa wa mkataba unaona Project price, dola 300. Pembeni In escrow, dola 60. Zinazobaki ni dola 240.

Wasee wengi hapo husoma hivi: 300 ni zangu, 60 ziko tayari, 240 zimebaki zije. Sasa isome kwa Kiswahili. Escrow ni amana. Ni kama pesa za kununua shamba zinavyowekwa kwa wakili: mnunuzi ameshazitoa mfukoni, muuzaji bado hajazishika. Kwa hiyo mteja ametoa dola 60, na mtu wa kati anazishikilia. Na zinazobaki? Hakuna mtu anayeshikilia chochote hapo. Hizo 240 ni hesabu ya kutoa tu, bei toa kilichowekwa. Ni maneno ya mteja yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Ndiyo maana awamu ambayo pesa zake zimewekwa huonyeshwa kwa neno Funded. Awamu isiyo na neno hilo ni ahadi. Ukifanya kazi ya awamu ya pili na ya tatu kwa sababu mteja amekuandikia kwa upole kwamba anaihitaji yote kufikia Ijumaa, umemkopesha mtu usiyemjua kazi ya dola 240, na hakuna amana ya kukulinda. Mama mboga wa mtaani kwenu hawezi kukupa sukuma ya deni kama hakujui. Wewe unamwamini mtu ambaye hata sura yake ni picha ndogo ya duara.

Neno la pili ni Due date. Sisi tumelijulia kwa kodi ya nyumba na mikopo ya simu, ambapo siku hiyo ni siku ya kulipa. Basi ukiona tarehe kando ya awamu, moyo unasema hiyo ndiyo siku ya pesa. Hapana. Hiyo ni siku yako ya kukabidhi kazi. Ikifika na ikipita, haimlazimishi mteja kulipa hata senti.

Neno la tatu ndilo baya zaidi: release. Pesa "zitaachiliwa" kazi "ikikubaliwa". Angalia hiyo sentensi vizuri, haina mtu ndani. Ukiiandika kwa Kiswahili, sikio linadai jibu: zitaachiliwa na nani? Itakubaliwa na nani, lini? Na huyo mtu akinyamaza je?

Majibu yapo, ila yamekaa kurasa za mbali na kitufe cha Accept. Anayekubali ni mteja. Ana siku 14 za kuikagua kazi. Akinyamaza siku zote 14, pesa za awamu hiyo zinaachiliwa zenyewe. Kisha zinakaa siku 5 nyingine za usalama kabla hujaweza kuzitoa. Kwa hivyo ukikabidhi tarehe 3 Juni na mteja asiseme kitu, pesa zinaachiliwa tarehe 17 na unazigusa tarehe 22. Landilodi alizitaka tarehe 5. Hayo ni mambo ya kujua kabla ya kukubali kazi, si baada ya kufungiwa mlango.

Lakini saa hiyo ya siku 14 haijianzishi. Inaanza ukikabidhi kwa kitufe kilichowekwa kwa kazi hiyo, Submit work for payment. Ukituma faili kwa meseji, mteja akajibu "asante, safi sana", mfumo hauhesabu chochote. Yeye ameshapata kazi, wewe unangoja siku ambazo hazijaanza kusonga. Na akibonyeza Request changes, hesabu inasimama mpaka ukabidhi tena, ndipo uanze siku 14 mpya. Mteja mwaminifu hutumia kitufe hicho kurekebisha makosa. Mteja mjanja hukitumia kununua muda. Na kumbuka, hata saa hiyo ikifika mwisho, inaachilia tu kilichowekwa amana. Ile 240 haina saa.

Kuna watakaosema: buda, ukianza kuuliza maswali utanyang'anywa kazi, kuna vijana elfu wanaingoja. Hoja hii naiheshimu kwa sababu njaa ni ya kweli. Lakini angalia unachoomba. Humwambii mteja akulipe kabla ya kazi. Unamwambia aweke pesa za awamu ya pili mahali ambapo hata wewe huwezi kuzigusa mpaka akubali kazi. Mteja mwenye nia ya kulipa hapotezi kitu kwa hilo. Anayekasirika kwa ombi hilo amekueleza nia yake mapema, na bure. Kama hutaki kumuuliza, basi fanya awamu ya kwanza, ikabidhi kwa kitufe, na usiguse ya pili mpaka uone Funded.

Mimi siwalaumu vijana peke yao. Anayetengeneza skrini anajua kuandika "mteja ana siku 14, akinyamaza utalipwa". Hiyo ni sentensi moja, na ingetosha kando ya Accept. Wamechagua kuonyesha bei kubwa juu na masharti nyuma ya viungo. Hilo ni chaguo, na linamfaa anayetaka mikataba ikubaliwe haraka. Nasi tunawasaidia kwa kujigamba kwamba Kiingereza tumekimaliza, tunaona aibu kutafsiri.

Aibu hiyo ndiyo ya kuacha. Kazi ikija, chukua karatasi. Andika mistari minne kwa Kiswahili chako, hata kiwe cha mtaa: zimewekwa ngapi, za awamu gani, nani anaziachilia, na akinyamaza zinatoka siku gani. Mstari ukikushinda kuandika, hujauelewa, hata kama kila neno lake ulilisoma shuleni. Usibonyeze Accept mpaka mistari yote minne ijae.