Usiku wa Ijumaa ni Usiku Gani?

Mtu wa Tanga aliyelelewa na bibi yake, ukimwandikia "tuonane usiku wa Ijumaa," atakuja Alhamisi baada ya magharibi. Hajakosea. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ndio ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mjukuu wake aliyezaliwa Toronto atasoma maneno hayo hayo na kujitayarisha Ijumaa usiku. Wote wawili wanajua Kiswahili, wote wameisoma barua, na bado watakosana kwa saa 24 nzima.

Tunalisema hili kwa sababu mambo mengi ya familia na jumuiya za pwani yetu siku hizi huamuliwa kwa simu ya pamoja. Ndugu wako Tanga, Maskati, London na Toronto, na wanataka kuzungumza juu ya mirathi, shamba la Muheza au ukarabati wa msikiti. Mmoja wao huandika barua pepe ya kuitisha kikao. Ikifika siku yenyewe, wawili wako hewani, mmoja amelala, na mwingine anaandika kwa hasira kwamba mbona alisubiri jana. Kosa karibu kila mara limo ndani ya ile barua, na lingeweza kuonekana kabla haijatumwa.

Tuchukue barua ya mfano, tuliyoitunga sisi kwa makosa tunayoyaona kila siku: "Tukutane hewani usiku wa Ijumaa, 12/3, saa 3:00 EST." Mwandishi yuko Ngamiani na anachokusudia ni Alhamisi, tarehe 12 Machi 2026, saa tatu usiku za Tanga. Sentensi ni fupi, lakini kila kipande chake kinaweza kusomwa kwa namna mbili.

Tuanze na siku. Kalenda inaonyesha kwamba 12 Machi 2026 ni Alhamisi, na barua inasema Ijumaa. Hapo ndipo jina la siku linapokuwa na kazi: likiandikwa pamoja na tarehe, moja humkagua mwenzake. Yakipingana, msomaji makini hurudi kuuliza. Mwandishi angesema "Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa," mtu wa Tanga na mjukuu wake wangekutana. Hatumtaki mtu aache lugha ya mama yake. Tunataka tu lile neno "kuamkia" liandikwe, maana kwenye barua ndilo linaloamua ni usiku upi.

Tarehe nayo ina mtego wake. Sisi huanza na siku, ndipo mwezi. Marekani huanza na mwezi, na Kanada mitindo yote miwili inatumika. Kwa hiyo 12/3 inaweza kuwa 12 Machi au 3 Desemba. Ingekuwa 25/3 asingepotea mtu, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Hatari iko katika tarehe za kuanzia 1 hadi 12 za kila mwezi. Dawa ni kuandika jina la mwezi kwa herufi.

Sasa saa. "Saa 3:00" imeandikwa kwa nukta mbili na sifuri mbili, kama saa ya kizungu, lakini imehesabiwa kwa Kiswahili. Aliyekulia Tanga anaona saa tatu usiku, yaani 21:00. Aliyekulia Toronto anaona saa tisa, ya alasiri au ya usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na kila mmoja wetu anaijua, ila tunaisahau pale tunapochanganya mitindo miwili katika mstari mmoja. Ni bora kuandika saa kwa mtindo wa 24, kisha kuweka ya Kiswahili kando yake: 21:00, saa tatu usiku. Msomaji wa kila upande anapata yake, na akiona hazilingani anajua kuna kosa. Saa za baada ya usiku wa manane zinahitaji uangalifu zaidi. "Saa saba usiku, Alhamisi" kwa watu wengi ni kipande cha mwisho cha usiku walioanza nao Alhamisi jioni, lakini kalenda ya simu tayari imeandika Ijumaa, 01:00. Kwa saa kama hizo, andika tarehe ile ambayo simu itaionyesha wakati huo.

Lililobaki ni EST, na hili ndilo kosa baya kuliko yote. Mwandishi alitaka kusema saa za Afrika Mashariki, ambazo kifupi chake ni EAT. EST ni saa za mashariki ya Amerika Kaskazini katika majira ya baridi, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa nane. Herufi moja imeihamisha simu kutoka Tanga hadi ng'ambo ya Atlantiki. Vifupisho hivi havitoshi kutegemewa, kwa kuwa vingine vina maana zaidi ya moja: IST hutumika kwa India, Israeli na Ayalandi pia. Taja mji, kisha tofauti yake na saa ya ulimwengu iitwayo UTC. Tanga ni UTC+3, mwaka mzima, bila kubadilika. Mombasa na Kampala ni vivyo hivyo, ndiyo maana walioko Hoima na walioko Chongoleani, ncha mbili za bomba la mafuta, hawana cha kugeuza wanapopigiana. Lakini Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, na wanaozungumza Kiswahili huko husahaulika mara nyingi kwa sababu tunawaona ni majirani.

Ukishaijua UTC, hesabu ni rahisi. Toa 3 kwenye saa ya Tanga upate UTC, kisha ongeza au toa ya kila mji. Saa 21:00 za Tanga ni 18:00 UTC. Maskati ni UTC+4, kwa hiyo 22:00. London siku hiyo ni sawa na UTC, kwa hiyo 18:00. Toronto ni UTC-4, kwa hiyo 14:00.

Hapo tu, mtu akiiandika miji yote minne, anaona jambo ambalo hakulifikiria. Tarehe 12 Machi 2026 iko ndani ya Ramadhani. Mwandishi alichagua saa tatu usiku kwa sababu Tanga watu watakuwa wametoka tarawehe. Lakini London jua litazama karibu na saa 18:00 siku hiyo. Angewaita ndugu zake kwenye simu wakati ule ule wa kufuturu. Akisogeza kwa saa moja, London wanapata 19:00, wameshafungua na kuswali magharibi, ingawa Maskati itakuwa 23:00 na itabidi wavumilie. Hili halipatikani kwa kuandika "saa za kwetu, wengine mhesabu." Linapatikana kwa aliyeitisha kuhesabu mwenyewe.

Barua iliyosahihishwa inakuwa hivi:

```
Alhamisi, 12 Machi 2026 (usiku wa kuamkia Ijumaa)
Tanga     22:00  saa 4 usiku     UTC+3
Maskati   23:00  saa 5 usiku     UTC+4
London    19:00  saa 1 usiku     UTC+0
Toronto   15:00  saa 9 alasiri   UTC-4
```

Tunasema "siku hiyo" kwa makusudi, maana tofauti za London na Toronto hazisimami mahali pamoja. Toronto, kama sehemu kubwa ya Marekani, husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 8. Uingereza na Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi, tarehe 29. Katika wiki tatu hizo katikati, London na Toronto wanapishana kwa saa nne badala ya tano walizozizoea. Aliyekariri "Toronto nyuma saa nane" tangu Januari atakosea kuanzia tarehe 8, kwa kuwa sasa ni saba. Na baada ya tarehe 29, London iliyokuwa nyuma yetu kwa saa tatu inakuwa nyuma kwa mbili. Sisi na Maskati hatugusi saa zetu, na hilo ndilo linalotudanganya: kwa kuwa kwetu hakuna kilichobadilika, tunadhani hakuna kilichobadilika popote. Oktoba mambo hugeuka tena, Ulaya wakirudisha saa nyuma tarehe 25 na Toronto wakifuata 1 Novemba.

Kwa kikao kimoja, jambo hili humalizwa kwa kuangalia tarehe yenyewe. Kwa kikao cha kila wiki, lazima barua iseme ni saa ya mji gani inayoongoza. Ndugu wakikubaliana "kila Alhamisi, 22:00 za Tanga," basi kuanzia Alhamisi ya 2 Aprili London wataingia 20:00 badala ya 19:00. Wakikubaliana "19:00 za London," ni Tanga watakaohama, kutoka 22:00 hadi 21:00. Yote mawili yanafaa. Kisichofaa ni kutolisema, kisha kila mji ukashikilia saa yake ya zamani.

Mwaliko wa kalenda unasaidia, kwa sababu simu ya kila mtu huugeuza kuwa saa ya pale alipo. Lakini hugeuza kutoka kwenye ukanda uliochaguliwa na aliyeuandika. Katika kompyuta nyingi zinazotumia Windows, ukanda wetu umeandikwa "(UTC+03:00) Nairobi". Mtu anayeitafuta Dar es Salaam na kuikosa, akachagua "Harare, Pretoria" kwa kuwa nazo ni Afrika, ameuchelewesha mwaliko wake kwa saa moja bila kujua. Vilevile, aliyekwenda Maskati na kurekebisha saa ya simu kwa mkono, bila kubadilisha ukanda, ataona saa sahihi ukutani mwa simu na mialiko yote ikiwa imekosea. Kwa hiyo, ukishatuma mwaliko, ufungue wewe mwenyewe na uulinganishe na jedwali la kwenye barua. Ukiona unasema 22:00 na barua inasema 22:00, funga. Ukiona 23:00, rekebisha kabla watu hawajaukubali.

Na tuache kupokea jibu la "sawa." Mtu aliyesoma 3 Desemba naye hujibu sawa. Mwombe kila mmoja ajibu kwa kuandika siku na saa ya mji wake: "Maskati, Alhamisi tarehe 12, saa tano usiku." Akiandika saa nne, mna muda wa kuelewana kabla ya simu kulia.