Pointi 2,5 zilizobaki nyuma ya karatasi

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu huko Katuba, Ruashi, Kenya na mahali pengine mlipokimbilia, wiki hii niko na hasira, na nitawaeleza sababu.

Msichana mmoja alifika kwetu kwenye radio na barua mkononi. Anasoma uuguzi hapa Lubumbashi. Jina lake na jina la chuo chake ninaviacha, kwani angali anasoma pale. Familia yake ilikimbia Mitwaba wakati wa Bakata Katanga, na mama yake anauza makala ili kulipa masomo. Hakuja kuomba pesa. Alikuja kuuliza kama barua yake imeandikwa vizuri, kwa sababu ofisini wamekataa kuipokea.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye valvu, pale matokeo yanapobandikwa, aliona pointi 9 juu ya 20 katika somo la dawa. Alikwenda kwa asistanti kuuliza amekosea wapi, ajitayarishe kwa sesyo ya pili. Asistanti, mtu mwema, akamuonyesha karatasi yake. Mtihani ulikuwa na maswali matano, kila moja pointi 4. Upande wa mbele aliandikiwa 3, kisha 2, kisha 1,5, kisha 2,5. Ukijumlisha unapata 9. Alipogeuza karatasi, swali la tano lilikuwa nyuma, limesahihishwa kwa biki nyekundu, na pembeni limewekwa 2,5. Hakuna aliyelijumlisha. Pointi zake ni 11,5.

Wengine watasema pointi mbili na nusu ni kitu gani. Katika mfumo wa LMD somo halisimami peke yake, linaingia katika kundi, na kundi lina kredi zake. Kundi hili lina masomo mawili ya kredi 3 kila moja. Somo la pili alipata 10. Kwa 9 na 10, wastani ni 9,5: kundi limeanguka, kredi 6 zimepotea. Kwa 11,5 na 10, wastani ni 10,75: amepita. Ukurasa mmoja usiogeuzwa unarudisha mtoto wa watu kwenye mtihani aliokwisha kufaulu.

Sikasirikii mwalimu aliyesahau. Mtu anayesahihisha karatasi mia tatu usiku, umeme umekatika, anatumia tochi ya simu, atakosea siku moja. Na kosa lina njia nyingi za kuingia. Pointi zinatoka kwenye karatasi, zinaandikwa kwenye fishi ya mwalimu, kisha zinapelekwa kwenye gridi kubwa ya juri. Kila mara mkono unaponakili, 15 inaweza kuwa 5, au pointi za mtu zikashuka kwenye mstari wa jirani yake. Ndiyo maana karatasi zinatunzwa. Ukitaka kujua kosa liliingilia wapi, weka zile tatu pamoja, utaliona kwa dakika tano.

Hasira yangu ni juu ya dakika tano hizo kukataliwa.

Mara ya kwanza alikwenda aparitora na barua ya kurasa tatu. Nimeisoma. Inaanza na kifo cha baba, inapita njia ya Mitwaba, inaeleza makala ya mama, inasema mwalimu hapendi watu wa kwao, na mwisho kabisa, mstari mmoja, inataja swali la tano. Walimjibu, "Hapa hatutoe pointi ya huruma." Nasema kweli: kwa barua ile walikuwa na kisingizio. Ukimshitaki mwalimu kwa chuki, juri itaanza kumtetea mwalimu, na karatasi haitafunguliwa tena. Ukilia, watakuhesabu kati ya wanaolia, nao ni wengi.

Mtu wa radio si mwanasheria, lakini barua tuliiandika upya pamoja. Aliiandika kwa Kifaransa, nami ninawapa maana yake:

"Bwana Prezidenti wa juri, ninaomba kosa la kujumlisha lisahihishwe katika somo la dawa, sesyo ya kwanza. Gridi inaonyesha 9 juu ya 20. Karatasi yangu ina pointi hizi: swali la 1, pointi 3; la 2, pointi 2; la 3, pointi 1,5; la 4, pointi 2,5; la 5, lililo nyuma ya ukurasa, pointi 2,5. Jumla ni 11,5. Siombi karatasi isahihishwe tena. Ninaomba ifunguliwe na ihesabiwe mbele ya sekreteri wa juri. Nimeambatanisha fotokopi ya matokeo."

Basi. Nusu ukurasa. Yale maneno "siombi karatasi isahihishwe tena" yana uzito kuliko mengine yote. Kama jibu lako lilistahili 3 ama 2,5, hiyo ni akili ya mwalimu, na juri inaweza kukataa kuiingilia. Lakini kujumlisha hakuna akili ya mwalimu ndani yake.

Alirudi na kopi mbili: moja ya kuacha, nyingine ya kupigiwa muhuri na tarehe, abaki nayo. Safari hii hawakusema habari ya huruma. Walimuuliza, "Uko mutoto wa nani?" Kisha wakaomba pesa ya kufungua dosye, bila risiti. Alipokosa, akaambiwa, "Rudia kazi moya." Nao wanajua muda wa malalamiko uliobandikwa kwenye valvu unakwisha kabla ya kazi moya.

Hapo ndipo ninyi mliokimbia vita mnapoumizwa kuliko wengine. Mwenye mjomba katika ofisi anapata muhuri kwa simu moja. Aliyetoka Mitwaba au Goma hana wa kupigia. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2006 inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali, nayo ijibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna wa kuadhibiwa kwa kuandika. Miezi mitatu ni mingi kwa mwanafunzi, sesyo ya pili itakuwa imekwisha. Lakini kupokea barua ya mwananchi hakuuzwi.

Tuliposoma habari hii hewani, muzee mmoja muuguzi aliyestaafu alipiga simu. Alisema, "Mwenye kuanguka, muache aanguke. Mugonjwa yeye hana pahali pa kupinga matokeo." Neno zito, muzee wangu, na ninakuheshimu. Lakini unajua swali la tano lilikuwa nini? Mgonjwa apewe serumu mililita 500 kwa saa 4, mpira unatoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Matone 10.000 kugawanya kwa dakika 240, karibu 42. Alilipata. Pointi 1,5 alizipoteza kwenye sehemu ya pili, ya kumchunga mgonjwa, na hazidai. Akihesabu 84, serumu ile inakwisha kwa saa 2, na kama mgonjwa ni mzee wa moyo, mapafu yatajaa maji. Mimi nikilazwa, ninataka muuguzi anayegeuza karatasi na kuhesabu tena, hata kama aliyeandika ni mkubwa wake. Wale wa aparitora wanamfundisha kinyume.

Ijumaa alirudi pamoja na mama yake na delege wa promosyo. Barua ilipigwa muhuri saa nane na nusu, bila franga hata moja. Prezidenti wa juri hajajibu. Msichana ameanza kusoma kwa sesyo ya pili, pamoja na somo lile alilokwisha kupita.