Picha ya ajabu: maneno niliyoambia wanafunzi chini ya bendera

Wengi mliniuliza kwa nini Jumatatu iliyopita wanafunzi walikawia kuingia darasani. Direkta alinipa dakika kumi baada ya kupandisha bendera, mimi nikachukua karibu nusu saa. Naandika hapa yale niliyowaambia, kwa sababu picha niliyosemea haikuanzia kwa watoto. Ilianzia kwenye telefone zetu sisi wakubwa.

Mnaijua ile picha. Kiumbe amelala ubavu, uso kama wa mtu, pua na masikio kama ya nguruwe, watoto wake wananyonya. Ilifika kwenye grupe na maneno chini yake: kwamba ni mwanamke wa kwetu aliyerogwa, na kwamba jirani aliyemroga anajulikana. Kabla ya jioni kidole kilikuwa kimeelekea kwa koko mmoja mjane anayeuza maharage. Siku tatu hakuonekana sokoni. Mnakumbuka vizuri kwamba mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, wamama wazee waliuawa kwa sababu ya kushutumiwa uchawi. Ndiyo maana sikutaka kungoja.

Lakini kwa wanafunzi sikuanza na picha ile. Nilianza na nyingine, nayo ni ya ajabu vilevile.

Niliwaambia hivi: Wanafunzi, mwezi wa nne mwaka 2019, picha moja kutoka Hifadhi ya Virunga ilizunguka dunia nzima. Mlinzi wa hifadhi, Mathieu Shamavu, amejipiga picha kwa telefone. Nyuma yake wamesimama gorila wawili kwa miguu miwili, kama wababa wanaongojea zamu yao kwa kinyozi. Watu wengi walisema ni bongo, ni watu wamevaa ngozi. Ninyi mnasemaje?

Karibu wote walipiga kelele: bongo! Mtoto mmoja tu alisema hapana, tena kwa woga.

Basi tukaanza kuuliza. Swali la kwanza: jambo hili linawezekana? Gorila hutembea kwa miguu na kwa ngumi za mikono, hilo wale waliofika Kahuzi-Biega wanalijua. Lakini anaweza kusimama kwa muda. Dume anapopiga kifua husimama. Kwa hiyo ni jambo la nadra, lakini si la muujiza. Nikamwita mvulana mmoja mbele, asimame na mikono chini. Vidole vyake vilifika katikati ya paja. Gorila ana mikono mirefu kuliko miguu, na miguu yake ni mifupi. Mtu akivaa ngozi, mikono yake haiongezeki wala miguu yake haifupiki. Wale wa kwenye picha walikuwa na mwili wa gorila, si wa mtu.

Swali la pili: nani amepiga, na nani ameitoa? Hapa picha ilikuwa na mwenyewe. Mpigaji ana jina na kazi, na hifadhi yenyewe iliitoa kwenye ukurasa wake, na baadaye ikathibitisha kwamba ni ya kweli. Mahali panajulikana: ni kituo cha Senkwekwe kule Rumangabo, Kivu ya Kaskazini, ambako wanatunza gorila yatima.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi: kuna habari nyingine inayokubaliana na picha? Iko. Gorila wale wana majina, Ndakazi na Ndeze. Mama zao waliuawa mwaka 2007, wao wakiwa watoto wachanga wa miezi michache, na walinzi wakawalea kama watoto wao. Naibu mkurugenzi wa hifadhi alieleza kwamba wanaiga walezi wao, kwa sababu tangu utoto wanaona watu wanaosimama. Sasa ajabu imepata sababu. Na habari haikuishia kwenye picha moja. Tarehe 26 mwezi wa tisa 2021 Ndakazi alikufa kwa ugonjwa, akiwa na miaka 14, mikononi mwa mlezi wake André Bauma, na picha yake ya mwisho, amelala juu ya kifua cha Bauma, ilionekana pia duniani kote. Kitu cha kweli kinakuwa na jana yake na kesho yake. (Nikaongeza haraka kwamba hawa ni yatima waliolelewa. Gorila wa msituni hatumsogelei kujipiga naye picha, maana anaweza kukuumiza, na wewe unaweza kumwambukiza hata mafua.)

Kwa hiyo picha inaweza kuwa ya ajabu na ikawa ya kweli. Watoto walishangaa, na niliona wengine wameanza kufurahi kupita kiasi, kama kwamba sasa kila picha ni ya kweli. Nikawarudisha karibu na nyumbani.

Luhihi mnaijua, ni kilomita kama 50 kutoka Bukavu, territware yetu hii ya Kabare. Mwanzoni mwa mwaka 2021 watu walijaa pale kwa sababu ya dhahabu, na video zikasambaa mpaka ng'ambo na maneno kwamba umepatikana mlima mzima wa dhahabu. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu serikali ya jimbo ilisimamisha uchimbaji. Video zilikuwa za kweli. Mahali ni pa kweli, watu ni wa kweli, na dhahabu ilikuwepo. Lakini angalieni wanafanya nini: wanachimba udongo kwa chepeo na kwa mikono, halafu wanauosha kwenye maji mpaka kibaki kidogo chini ya beseni. Nikauliza: kama mlima wote ni dhahabu, wanaosha nini? Msichana wa mwaka wa sita akajibu, "Wanaosha udongo, Madamu." Ndivyo. Picha ilikuwa inasema ukweli, na maneno yaliyoandikwa juu yake yalikuwa yanaongeza chumvi. Mara nyingi mahali petu bongo linakaa hapo, kwenye maneno. Picha ya vita vya zamani inaandikwa "leo asubuhi", na watu wanafunga mizigo.

Sasa ndipo nilipowatolea picha ya kiumbe yule. Nilikuwa nimeichapa kwenye karatasi, sikutaka telefone zitoke.

Nikasema: msiangalie uso wake. Uso ndio unaotisha, na mtu akitishika haoni kitu kingine. Angalieni pembeni na chini. Amelala juu ya nini? Juu ya kitu cheupe, safi, kama kitanda cha ngozi. Hakuna tone la damu, hakuna nyasi, hakuna pagne, hakuna mkunga, hakuna hata inzi. Wamama kati yenu mnajua chumba cha kuzalia kilivyo, nikasema, nikasahau kwamba naongea na watoto. Wakacheka. Nikauliza: mama gani wa Mumosho amejifungua mahali kama hapa, na majirani hawakufika?

Tukarudi kwenye maswali yetu. Linawezekana? Mtu hazai nguruwe na nguruwe hazai mtu, mbegu zao hazikubaliani. Mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ya uso au ya viungo, hilo ni ugonjwa, daktari analijua, na mtoto yule ni mtoto. Nani amepiga? Hakuna jina. Nani alituma? Picha ilikuwa na mishale miwili juu yake, na WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliopitishwa mikono mitano ao zaidi, mmoja kwa mwingine. Basi yule aliyesema "nimetumiwa na aliyeshuhudia" hakujua alisemalo. Kuna habari nyingine? Niliuliza kituo cha afya, hakuna uzazi wa namna hiyo uliosikika.

Mwisho nilitumia mega zangu. Picha unaihifadhi, unafungua Google, unagusa alama ndogo ya kamera, unachagua picha ile, na telefone inakuonyesha mahali pengine ilipowahi kutokea. Haichukui dakika mbili kama rezo ni nzuri. Ikanijibu: ni sanamu. Iliundwa na msanii mwanamke wa Australia, Patricia Piccinini, mwaka 2002, kwa silikoni na nywele, na inaitwa "The Young Family", maana yake familia changa. Watu walilipa tiketi kwenda kuiangalia. Tangu hapo picha yake imezunguka nchi nyingi, na kila inapofika inapewa kijiji kipya. Hicho ni kipimo kizuri: ukikuta picha moja imezaliwa sehemu tatu, basi haikuzaliwa hata moja.

Msiitegemee njia hiyo peke yake. Picha mpya kabisa, ambayo haijaonekana popote, Google haitakuwa na la kusema. Na siku hizi kompyuta inatunga picha ya mtu ambaye hajawahi kuwepo. Wengine wanawafundisha kuhesabu vidole ao kusoma maandishi ya vibao nyuma yake, maana kompyuta inaharibu hapo. Ni kweli inaharibu, lakini kila mwaka inaharibu kidogo zaidi kuliko mwaka uliopita, namaanisha makosa yanapungua. Kwa picha kama hiyo, swali la nani na wapi lina nguvu kuliko vidole. Na ukikosa jibu, basi unabaki na picha kwako, huipitishi.

Wamama, hapo nilitaka kufunga, lakini msichana yule wa mwaka wa sita akainua mkono. Akauliza, "Madamu, na kama ni mama ndiye ameituma? Nitamwambia anasema bongo?"

Wanafunzi wote wakanyamaza, na walimu pia. Nikamwambia hapana, mama haambiwi hivyo. Mwambie, "Mama, samahani, nani alikutumia hii? Yeye aliona kwa macho yake?" Akisema hajui, mwombe, "Basi tungoje kidogo, nimuulize mwalimu." Nikawaambia pia kwamba mimi mwenyewe niliipitisha picha ile kwa dada yangu Uvira kabla ya kuuliza lolote, na ilinibidi kumpigia simu jioni kumwambia aifute. Alinicheka, kisha akasema ameshaituma kwa watu sita.

Kwa hiyo mtoto wenu akiwauliza swali hilo wiki hii, msimpige. Ni mimi nimemtuma. Na koko wa maharage alirudi sokoni Jumatano, kwenye nafasi yake ileile karibu na mti. Bei ya kikombe haijabadilika.