Sentensi ya Maneno 45 na Mtu Aliyejificha Ndani Yake

Katibu wa kikundi kimoja cha wafugaji wa sato katika vizimba, hapa Mwanza, alinijia na ripoti ya kurasa kumi na nne. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, na hadi leo ananiita Mwalimu. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, na ilikuwa iende benki kuomba mkopo wa kikundi upangiwe upya baada ya samaki wengi kufa. Iliandikwa na mkandarasi ambaye kikundi kilimlipa kwa ushauri wa kitaalamu. Wanachama walitakiwa kutia saini siku iliyofuata, na wengi wao hawasomi Kiingereza. Katibu aliniomba jambo moja tu: "Mwalimu, nisaidie kuipunguza. Ni ndefu mno."

Nilidhani nimepewa kazi ya usafi. Kumbe nilikuwa nimepewa kazi ya upelelezi. Hoja yangu leo inatokana na kazi hiyo: maneno mengi katika ripoti zetu za Kiingereza si kasoro ya mtindo tu, bali ni mahali ambapo watu hujificha. Anayeyavumilia, awe ofisa, mhadhiri au mwanaharakati, anashiriki katika kuwaficha.

Tazameni sentensi iliyobeba msiba wote wa kikundi kile:

```
It should be noted that, due to the fact that there was
a failure in the monitoring of the levels of oxygen in
the water in the cages during the period of the month
of March, a reduction in the number of fish was experienced.
```

Ni maneno 45. Sarufi yake haina kosa, na hakuna uongo wa wazi ndani yake. Benki ingeisoma, ingetikisa kichwa, na ingeandika pembeni kwamba kikundi kilizembea.

Hatua ya kwanza ni nyepesi, nayo ni kuondoa maneno ya kujazia. Maneno matano ya mwanzo yanamwambia msomaji kwamba inafaa azingatie jambo. Kama halifai kuzingatiwa, limeandikwa kwa nini? Nikayafuta. Maneno matano yanayofuata yana maana ya "kwa sababu", na Kiingereza kina neno moja kwa kazi hiyo. Kisha maneno manane yanatuambia kuwa ilikuwa "katika kipindi cha mwezi wa Machi", kana kwamba kuna Machi isiyo mwezi. Mawili yanatosha. Sentensi ikabaki hivi:

```
Because there was a failure in the monitoring of the
levels of oxygen in the water in the cages in March,
a reduction in the number of fish was experienced.
```

Sasa ni maneno 30. Theluthi moja ya sentensi imeondoka na hakuna taarifa hata moja iliyopotea. Wengi huishia hapa na kujipongeza, ilhali mtu wetu bado amejificha.

Hatua ya pili ni kutafuta vitenzi vilivyogeuzwa kuwa nomino. Wanaisimu huuita mchakato huo unominishaji. Ndani ya sentensi hii kuna nomino tatu za namna hiyo: kushindwa, upimaji na upungufu. Kila moja ilikuwa tendo kabla ya kuvalishwa koti la nomino. Vitenzi vilivyobaki havifanyi kazi yoyote: kimoja kinasema tu kwamba kitu "kilikuwapo", na kingine kwamba kitu "kilishuhudiwa". Tofauti ya nomino na kitenzi hapa si ya urembo. Katika Kiingereza, kitenzi cha kutenda kinadai mtendaji. Ukiandika "hakupima", lazima useme ni nani. Ukiandika "kushindwa kwa upimaji", hudaiwi mtu. Nomino imekupa ruhusa ya kunyamaza.

Hatua ya tatu inahusu vihusishi. Katika sentensi ya awali nilihesabu kumi, achilia mbali kile kilichomo ndani ya "kwa sababu" yake ndefu. Vihusishi hivyo ni zao la unominishaji, kwa kuwa nomino hazishikani zenyewe bila kamba. Rudisha kitenzi mahali pake na kamba nyingi zitaanguka bila kukatwa. Profesa Richard Lanham wa California, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu uhariri, aliwafundisha wanafunzi kuzungushia duara kila kihusishi na kila kitenzi cha "kuwa", kisha waulize nani anamtenda nani. Duara zikijaa ukurasani, ujue tendo limezikwa.

Nilipofika hapo nilikwama, na kukwama huko ndiko kiini cha makala haya. Sikuweza kuimaliza sentensi nikiwa mezani. Nilimwuliza katibu: ni nani aliyepaswa kupima oksijeni? Akanyamaza, kisha akasema: "Yeye mwenyewe, Mwalimu. Mkandarasi." Alipaswa kupima lini? Kila alfajiri, kwa mujibu wa mkataba. Alfajiri ndiyo saa ya hatari, kwa kuwa usiku kucha mwani na viumbe vingine majini hutumia oksijeni pasipo jua la kuizalisha upya. Je, alipima? Katibu alipiga simu, na daftari la kwenye vizimba likaletwa. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha tarehe 1 Machi. Samaki walikufa tarehe 11. Walikufa wangapi? Ripoti ilisema "upungufu wa idadi". Daftari la kikundi lilisema 3,200.

Likabaki swali moja ambalo sentensi ya awali ililifunika kabisa. Je, kutopima kuliwaua samaki? Hapana. Kipimo hakiongezi hewa majini. Kwa maelezo ya katibu, upepo mkali ulivuma siku mbili mfululizo, na kila mvuvi wa Ziwa Viktoria anajua kuwa upepo waweza kuyapandisha maji ya chini yaliyokwisha kupungukiwa oksijeni. Kilichoua ni upungufu wa oksijeni. Kutopima kuliwanyima wanachama onyo, na onyo lingewapa nafasi ya kuacha kulisha, kupunguza msongamano au kuvuna mapema. Hayo ni mambo mawili, na "kwa sababu" ya mkandarasi iliyafunga pamoja ili yasichunguzwe. Hatimaye tuliandika:

```
Low oxygen killed 3,200 fish on 11 March. The contractor,
paid to measure it every dawn, had stopped nine days earlier.
```

Ni maneno 21, na kihusishi kimoja. Ni chini ya nusu ya urefu wa awali, lakini sasa kuna idadi, tarehe mbili, chanzo, na mtu. Sentensi fupi imebeba habari nyingi kuliko ndefu. Wanachama walipotafsiriwa sentensi zote mbili, walikataa kutia saini ya kwanza.

Ziko pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya watumishi wa umma wenzangu: Kiingereza kirefu ndicho Kiingereza cha ofisi, ndiyo heshima. Tulikirithi kwa nani? Kwa watawala wa Kiingereza. Basi na ijulikane kwamba mwaka 1948, Tanganyika ikiwa bado chini yao, Hazina ya Uingereza ilikwisha kumwomba Sir Ernest Gowers aandike kitabu cha kuwaponya watumishi wake wa serikali na ugonjwa huu huu, na kitabu hicho kikachapishwa na mchapaji wa serikali. Wenye lugha walianza kuufagia uchafu huo kabla hatujapata uhuru, nasi tumeuhifadhi kama urithi wa taifa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumtaja mtu kunaweza kuleta kesi. Ni kweli, na kwa hiyo ukweli utangulie ufupi. Sisi tulimtaja mkandarasi kwa sababu tulikuwa na mkataba na daftari mkononi. Pasipo ushahidi, andika kwamba hakuna kipimo kilichoandikwa kuanzia tarehe 2 Machi, uishie hapo. Kauli ya kutendwa si dhambi pale ambapo mtendaji hajulikani au hahusiki. Wala si kila nomino ya tendo ni adui: "mkopo", "uamuzi" na "malipo" ni majina ya vitu vinavyojulikana, na hutusaidia kurejelea jambo lililokwisha kusemwa.

Nionye pia juu ya kosa la wanaojifunza ufundi huu kwa pupa. Wakiambiwa wapunguze vihusishi, huvifuta na kuzirundika nomino bila kamba yoyote:

```
cage water oxygen level monitoring failure
```

Hapo pana maneno sita bila kihusishi hata kimoja, na bado hakuna aliyetenda lolote. Dalili ya ponyo si uchache wa maneno. Ni kwamba msomaji anaweza kujibu nani, nini, lini na ngapi.

Msije mkadhani kwamba dawa ni kuhamia Kiswahili tu. Ugonjwa umekwisha kuvuka mpaka. Ni nani kati yetu hajasoma kwamba "kumejitokeza changamoto ya kutofanyika kwa zoezi zima la upimaji wa kiwango cha hewa ya oksijeni katika maji ya vizimba"? Ni mkandarasi yule yule, amebadilisha shati. "Zoezi zima la" ni maneno ya kujazia, "kutofanyika" ni tendo lililozikwa, na msururu wa "wa", "cha", "ya" ndio vihusishi vyetu. Sema: "Mkandarasi hakupima oksijeni."

Lawama ya mwisho naielekeza kwetu wahadhiri. Tunadai kurasa ishirini palipo na hoja za kurasa nane, kisha tunamtunuku alama mwanafunzi aliyeandika kwamba "ufanyikaji wa utafiti ulitekelezwa". Mimi mwenyewe nimezitoa alama hizo kwa miaka. Yule katibu alikaa darasani kwangu muhula mzima, na hakujifunza kwangu kumtafuta mtu ndani ya sentensi. Alijifunza siku ile, na samaki 3,200 walikuwa wamekwisha kufa.

Muhula huu wanafunzi wangu wataleta ripoti ya kurasa mbili, kila kihusishi kikiwa kimezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Nanyi mlio maofisini, ripoti itakapofika mezani kesho ikisema kwamba upungufu umeshuhudiwa, irudisheni na swali moja: umeshuhudiwa na nani, na nani aliusababisha?